Nyekundu imewahi, imechelewa au imegoma: kutatua matatizo ya kloraidi na kromati mbele ya ayoni za fedha

Kabla ya kutafuta kilichoharibika, ujue kwanza kazi ikienda sawa inaonekanaje. Njia hii ya kupima kloraidi majini kwa nitrati ya fedha Karl Friedrich Mohr aliieleza mwaka 1856, na maabara nyingi za maji bado zinaitumia. Unapima mililita 100 za maji kwenye flaski na kuongeza mililita 1 ya potasiamu kromati ya asilimia 5, maji yanakuwa ya njano. Kwenye bureti unaweka nitrati ya fedha ya mol 0.0141 kwa lita. Namba hiyo imechaguliwa ili kila mililita inayoteremka iwe sawa na miligramu 0.5 za kloraidi.

Tone la kwanza linaleta wingu jeupe. Pale pale lilipodondokea utaona pia mchirizi mwembamba mwekundu, rangi ya tofali, ambao ukizungusha flaski unapotea. Kadiri kloraidi inavyopungua ndivyo wekundu ule unavyochelewa kupotea, hadi tone moja linapoacha rangi ambayo haiondoki. Hapo ndipo kikomo. Usitegemee kuona flaski nyekundu kama damu. Ni njano iliyoingia wekundu kidogo, na ukisubiri iwe nyekundu kweli umeshapita.

Matatizo karibu yote ninayoletewa, iwe na vijana wa kidato cha sita hapa Arusha au na mafundi wa maabara wanaopima maji ya visima, yanatokana na swali moja ambalo halikujibiwa vizuri mwanzoni: kati ya kloraidi na kromati, nani anatangulia kushuka kama mashapo, na yule wa pili anapoanza kushuka, wa kwanza amebaki kiasi gani?

Dalili: hesabu inasema kromati itangulie, flaski inasema kloraidi

Tatizo hili liko kwenye daftari, lakini ndilo linalozaa mengine. Mwanafunzi anafungua jedwali la Ksp, namba inayoonyesha chumvi inaweza kuyeyuka majini kiasi gani, anakuta silva kloraidi, AgCl, ina 1.8 × 10⁻¹⁰ na silva kromati, Ag₂CrO₄, ina 1.1 × 10⁻¹². Ya pili ni ndogo mara mia na zaidi, anaandika: "Kromati inatangulia." Kisha anaingia maabara, mashapo meupe yanatokea kwanza, na anaanza kuishuku nitrati ya fedha kwamba imeharibika.

Nitrati ni nzima. Namba zile mbili hazilinganishwi moja kwa moja kwa sababu hazipimi kitu cha aina moja. AgCl inadai ayoni moja ya fedha kwa kila kloraidi, kwa hiyo Ksp yake ni [Ag⁺][Cl⁻]. Kromati inadai mbili, na Ksp yake ni [Ag⁺]²[CrO₄²⁻]. Fedha ikiwa chache sana, kuizidisha yenyewe kwa yenyewe kunaifanya kuwa chache kupindukia. Hiyo ndiyo inayoirudisha kromati nyuma.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kila mmoja anahitaji fedha kiasi gani ndani ya maji ndipo aanze kushuka? Anayehitaji fedha kidogo ndiye anayetangulia. Tuchukue mmumunyo wenye kloraidi mol 0.010 kwa lita na kromati mol 0.010 kwa lita.

Kwa kloraidi, gawanya 1.8 × 10⁻¹⁰ kwa 0.010, unapata fedha 1.8 × 10⁻⁸. Kwa kromati, gawanya 1.1 × 10⁻¹² kwa 0.010, unapata 1.1 × 10⁻¹⁰, halafu utafute kipeuo cha pili chake: 1.05 × 10⁻⁵. Kromati inahitaji fedha karibu mara 580 zaidi. Kloraidi imetangulia, tena kwa mbali.

Sasa sehemu ya pili ya swali. Fedha inapofika 1.05 × 10⁻⁵ na kromati ikaanza kushuka, kloraidi iliyobaki majini ni 1.8 × 10⁻¹⁰ ikigawanywa kwa 1.05 × 10⁻⁵, yaani 1.7 × 10⁻⁵. Tulianza na 0.010, kwa hiyo imebaki asilimia 0.17. Nyingine yote, asilimia 99.83, iko chini kama unga mweupe. (Hapa nimeacha ujazo ule ule, kana kwamba fedha imeingia bila maji. Kwenye flaski halisi ujazo unaongezeka, tutaufikia.)

Mtu akikuletea jibu tofauti kidogo, usikimbilie kumkosoa. Muulize ametumia jedwali lipi. Kwa silva kromati vitabu vingine vinaandika 9.0 × 10⁻¹², na ukiitumia hiyo fedha inatoka 3 × 10⁻⁵ na kloraidi iliyobaki 6 × 10⁻⁶. Mpangilio haubadiliki, ila kiasi kinachobaki kinashuka hadi karibu theluthi. Kwenye mtihani tumia namba uliyopewa. Kwenye ripoti andika uliyotumia.

Je, kuna wakati kromati inatangulia kweli? Upo. Ukiwa na kromati mol 0.10 kwa lita, inatosha fedha ifike 3.3 × 10⁻⁶ nayo inaanza kushuka. Kloraidi ikiwa chini ya 5.4 × 10⁻⁵, kama miligramu 2 kwa lita, itahitaji fedha zaidi ya hiyo, na kwa hiyo itachelewa. Kwa maneno mengine, aliyemwaga kromati bila kupima kwenye maji yenye kloraidi kidogo ameugeuza mpangilio kwa mkono wake. Kwa dozi ya kawaida, ile mililita 1 katika 100, kromati iko 0.0025 tu, na mpangilio hauwezi kugeuka hadi kloraidi iwe chini ya miligramu 0.3 kwa lita. Kiasi kidogo namna hiyo huwezi kukipima kwa njia hii hata hivyo.

Dalili: wekundu unatokea tone la kwanza kabisa

Uliza swali moja kabla ya mengine yote: ukizungusha, unaondoka?

Ukiondoka, hakuna tatizo. Mahali tone linapodondokea fedha ni nyingi mno, maelfu ya mara kuliko wastani wa flaski, na hapo kromati na kloraidi zote zinashuka kwa pamoja. Ukizungusha, wekundu unakutana na kloraidi ambayo bado ni nyingi na kuisalimisha fedha yake kwake:

Ag₂CrO₄ + 2Cl⁻ → 2AgCl + CrO₄²⁻

Ukitafuta kipimo cha msukumo wa badiliko hili kutoka kwenye zile Ksp mbili, 1.1 × 10⁻¹² ikigawanywa kwa mraba wa 1.8 × 10⁻¹⁰, unapata karibu milioni 34. Kwa hiyo linakwenda upande wa kulia karibu lote. Lakini msukumo si kasi. Wekundu ulioganda kwenye punje kubwa unachukua muda kuyeyuka. Anayefungua bureti kwa nguvu huku flaski imetulia mezani atajikuta na chembe nyekundu zinazong'ang'ania, asimame mapema, na jibu litoke dogo. Dawa yake ni mkono: kushoto unafungua bureti, kulia unazungusha bila kukoma, na ukikaribia mwisho unaachia tone kwa tone.

Wekundu usipoondoka hata baada ya kuzungusha vizuri, basi ama maji hayana kloraidi ya maana, ama kromati imezidi. Njia rahisi ya kujua ni kuongeza kiasi kidogo cha sodiamu kloraidi unayoijua. Wekundu ukifutika na wingu jeupe likatokea, vifaa na kemikali ni nzima, na ulichokiona kilikuwa kweli: maji yale yana kloraidi kidogo sana. Maji ya vijito vinavyoshuka kutoka Kilimanjaro au Meru mara nyingi yako hivyo, tofauti na visima vya tambarare.

Na kama unachokiona ni kahawia iliyokolea badala ya nyekundu ya tofali, pima pH kabla ya kuendelea. Ikifika 11 na kuendelea, fedha inashuka kama oksaidi, na kromati haina habari.

Dalili: jibu linazidi kila mara, na linazidi zaidi kwenye maji yenye kloraidi kidogo

Hapa ndipo pa kukaa.

Kijana mmoja wa maabara alinionyesha matokeo yake akasema, "Dada, nilidhani kuna kloraidi inabaki bila kushuka, kwa hiyo jibu lingepungua. Mbona linazidi?" Swali zuri kuliko alivyojua. Kloraidi inabaki kweli, lakini bureti haihesabu kilichobaki. Bureti inahesabu fedha uliyoimwaga, na fedha hiyo imekwenda sehemu tatu: iliyoshuka na kloraidi, iliyobaki majini, na iliyoshuka na kromati ili jicho lako lione rangi.

Tufuate mfano mmoja. Maji yana kloraidi miligramu 40 kwa lita. Katika mililita 100 kuna miligramu 4, yaani mol 1.13 × 10⁻⁴. Kwa fedha ya 0.0141, zinahitajika mililita 8.00 kamili. Tunamwaga hadi hapo na ujazo unakuwa mililita 109 hivi, ukihesabu na ile moja ya kromati. Kromati ilikuwa 0.257 mol kwa lita ndani ya chupa yake. Sasa imechujuka hadi 0.00236.

Fedha inayohitajika ili kromati ianze kushuka ni kipeuo cha pili cha 1.1 × 10⁻¹² ÷ 0.00236, ambacho ni 2.16 × 10⁻⁵. Kwa fedha hiyo, kloraidi iliyobaki majini ni 8.3 × 10⁻⁶, sawa na asilimia 0.8 ya ile tuliyoanza nayo. Kumbuka kule juu ilikuwa asilimia 0.17. Tofauti inatokana na mwanzo: kilichobaki kwa lita kinaamuliwa na fedha na kromati, hakijali ulianza na kiasi gani. Ukianza na kloraidi kidogo, kile kile kinachobaki kinakuwa asilimia kubwa zaidi.

Sasa angalia fedha. Majini kuna fedha 2.16 × 10⁻⁵ na kloraidi 0.83 × 10⁻⁵. Kama tungekuwa tumesimama mahali halisi pa ulingano, pale fedha iliyoingia inapotosha kloraidi yote bila kuzidi, zingekuwa sawa, kila moja 1.34 × 10⁻⁵. Fedha imezidi kwa 1.33 × 10⁻⁵ mol kwa lita. Zidisha kwa lita 0.109 unapata mol 1.45 × 10⁻⁶, na hiyo kwenye bureti ni mililita 0.10. Tayari umepita kwa matone mawili, na bado hujaona chochote, kwa sababu tuko pale kromati *inapoanza* tu.

Jicho linahitaji kitu cha kuona. Kwa kawaida kipimo tupu, yaani maji yasiyo na kloraidi yaliyotiwa kromati ile ile, kinakula mililita 0.2 hadi 0.3 kabla ya rangi kuonekana. Ukitoa ile 0.10 ya fedha iliyo majini, inabaki kama 0.15, na hiyo inatengeneza silva kromati ya karibu theluthi moja ya miligramu. Unga kidogo namna hiyo ndani ya flaski nzima ndio unaoitwa kikomo.

Kwa hiyo bureti itasoma kama 8.25, siyo 8.00. Bila kutoa kipimo tupu utaandika miligramu 41.25 kwa lita badala ya 40, na pengine hakuna atakayegundua. Lakini chukua kijito chenye miligramu 5 kwa lita. Hapo fedha ya kweli ni mililita 1.00, na ziada ni ile ile 0.25. Utaandika 6.25. Umekosea kwa robo nzima, na hakuna kifaa kilichoharibika.

Tiba ni kufanya kipimo tupu kila siku ya kazi na kukitoa kabla ya kuzidisha. Kifanye kwa ujazo ule ule, kromati ile ile, jicho lile lile. Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifanyi: flaski ya kipimo tupu haina wingu jeupe, na wekundu ndani ya maji meupe safi hauonekani sawa na wekundu ndani ya maji yenye ukungu. Tia punje ya kalsiamu kabonati isiyo na kloraidi ili iwe na ukungu kama ya sampuli. Mimi naiacha flaski hiyo mezani, na kila sampuli nairudisha kwenye rangi ile ile. Ukibadilisha mtu katikati ya kazi, mtu mpya afanye kipimo chake tupu, kwa sababu macho ya watu wawili hayakubaliani kuhusu njano iliyoanza kuwa nyekundu.

Kipimo tupu kikila mililita 0.5 na kuendelea, usikitoe tu ukanyamaza. Kuna kloraidi inaingia mahali. Ninaanza na maji. Maji yanayouzwa madukani kama ya kuongezea betri si yote yaliyokenekwa sawasawa, na mengine ni asidi kabisa, kwa hiyo soma chupa kwanza. Chukua maji kidogo kwenye tyubu safi, dondoshea nitrati ya fedha, weka karatasi nyeusi nyuma yake. Ukiona ukungu, umeshajua. Mtu wa pili wa kumshuku ni kromati yenyewe. Ndiyo maana unapoitengeneza unaiyeyusha, unaidondoshea nitrati ya fedha hadi wekundu ukae, unaiacha usiku kucha halafu unaichuja: kloraidi iliyokuwa imejificha ndani yake inabaki kwenye karatasi. Wa tatu ni flaski iliyosuuzwa kwa maji ya bomba na kuachwa ikauke.

Swali linalofuata huwa: kwa nini tusiongeze kromati ili ziada ile ipungue? Kihesabu ni kweli. Gawanya Ksp ya kromati kwa Ksp ya kloraidi, unapata 0.0061. Kromati ikiwa mol 0.0061 kwa lita, wekundu ungeanza pale pale kwenye ulingano. Lakini kwa ukolezo huo maji yana njano nzito kiasi kwamba wekundu mdogo wa mwanzo unamezwa, unaupita bila kuuona, na ulichookoa kwenye fedha unakipoteza kwenye jicho. Kwa maoni yangu 0.0025 pamoja na kipimo tupu ni bora kuliko 0.006 bila hicho.

Dalili: njano imegeuka chungwa, na wekundu hautoki

Maji yana asidi. Kromati ikikutana na asidi inageuka HCrO₄⁻ na kisha dikromati yenye rangi ya chungwa, na zote mbili hazishuki na fedha kwa urahisi kama kromati. Ukiona chungwa kabla hujafungua bureti, usifungue.

Kwa upande wa Moshi mfano unaoujua kila mtu ni maji yaliyotoka kuoshea kahawa. Ute unapochacha unatoa asidi, na maji hayo yanakuja maabara yakiwa na harufu kali na pH ya chini. Lakini hata asidi ndogo inaumiza. Tuseme pH ni 5.5. Nusu ya kromati inageuka kwenye pH ya 6.5 hivi, kwa hiyo ukishuka hatua moja chini yake inabaki kama sehemu moja ya kumi na moja. Fedha inayohitajika inapanda kwa kipeuo cha pili cha 11, mara 3.3. Katika mfano wetu wa miligramu 40, ile mililita 0.10 ya ziada inakuwa 0.54. Kipimo tupu hakikuokoi hapa, kwa sababu umekifanya kwenye maji yasiyo na asidi.

Rekebisha pH iwe kati ya 7 na 10 kabla ya kuongeza kromati, kwa sodiamu bikabonati au sodiamu haidroksaidi. Kama sampuli ina amonia, baki karibu na 7. Juu zaidi amonia huru inaikamata fedha na kuizuia isishuke. Na kama sampuli ilitiwa asidi shambani kwa ajili ya kupima metali, uliza ni asidi gani. Ikiwa ya nitriki, unaweza kuirekebisha. Ikiwa ya haidrokloriki, rudisha chupa, maana kloraidi ya asidi imeshachanganyika na ya maji na hakuna hesabu itakayozitenganisha.

Dalili: mashapo yanaendelea kushuka, bureti inateremka, wekundu haufiki

Ukiwa na maji kutoka maziwa ya Momella, chini ya Meru, au kisima chochote cha magadi, hapa ndipo utakapokwama. Wengi wanailaumu floraidi, kwa sababu eneo la Arusha linajulikana kwa floraidi nyingi. Floraidi haina hatia. Silva floraidi inayeyuka majini vizuri sana na haishuki hata kidogo.

Mwenye kosa ni kabonati. Silva kabonati ina Ksp ya 8.1 × 10⁻¹² na umbo lile lile la kudai fedha mbili. Tuseme sampuli ina kabonati mol 0.05 kwa lita. Fedha inayohitajika ili ishuke ni 1.3 × 10⁻⁵, na kromati yetu ilihitaji 2.1 × 10⁻⁵. Kabonati imeingia katikati: baada ya kloraidi, kabla ya kromati. Unamwaga fedha, inashuka unga wa njano hafifu ambao machoni haujitofautishi na weupe wa kloraidi, na unaendelea kumwaga ukidhani bado ni kloraidi.

Kwa dozi ya kawaida ya kromati, mpaka uko kwenye kabonati ya 0.019 hivi. Chini ya hapo kromati inaiwahi. Kwa hiyo tiba si kuondoa kabonati yote. Inatosha kuishusha chini ya mpaka. Tia asidi ya salfuriki au nitriki iliyochujuka, tone kwa tone, hadi pH ifike 8.3. Hapo kabonati inabaki asilimia moja tu na iliyobaki imekuwa bikabonati. Katika mfano huu itakuwa 0.0005, na itahitaji fedha 1.3 × 10⁻⁴, mara sita zaidi ya kromati. Zungusha hadi mapovu yatulie, ndipo uongeze kromati. Kama kloraidi yenyewe ni nyingi kiasi cha kumaliza bureti, chujua sampuli kwa maji yasiyo na kloraidi. Na hilo nalo linapunguza kabonati.

Kama maji yananuka yai bovu, kuna salfaidi, na fedha itashuka nayo ikiwa nyeusi kabla ya kitu kingine chochote. Mililita 1 ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 30, ukikoroga kwa dakika moja, inamaliza hilo. Bromaidi na iodaidi hazina dawa: zinashuka pamoja na kloraidi au kabla yake, na njia hii inazihesabu kama kloraidi.

Dalili: maji yenyewe yana rangi

Maji ya kahawa, au ya kijito kilichopita kwenye majani yanayooza, ni ya kahawia na yanameza kikomo. Tia mililita 3 za uji mzito wa aluminiamu haidroksaidi kwenye sampuli ya mililita 100, koroga, acha itulie, chuja, suuza karatasi na uunganishe maji ya suuzo. Hakikisha tu haidroksaidi hiyo imeoshwa hadi haina kloraidi, la sivyo umeondoa tatizo moja na kuingiza lingine.

Dalili: weupe unageuka zambarau, kisha kijivu

Ni mwanga. Silva kloraidi inavunjika juani na kuacha chembe za fedha. Dirisha linalopigwa na jua la saa nne asubuhi linatosha kuigeuza ukiwa bado unatafuta kalamu. Kiasi kinachovunjika hakibadilishi sana hesabu, lakini kijivu kinaficha wekundu, na kazi inaharibika kwa upande huo. Hamisha meza, weka nitrati kwenye chupa ya kahawia. Flaski ya moto nayo isitumike: silva kromati inayeyuka zaidi kwenye joto, na wekundu unachelewa. Iache ipoe hadi joto la chumba.

Yaliyomo kwenye flaski yasiende kwenye sinki. Kromati ni kromiamu sita, inayosababisha saratani, na fedha nayo ni sumu kwa viumbe vya majini. Weka dumu la plastiki chini ya meza, liandike, limwagie kila flaski iliyokwisha, na vaa glavu unapoosha: kromati inapenya ngozini, na nitrati ya fedha itakuachia madoa meusi ambayo sabuni haiyatoi, mpaka ngozi ijibadilishe yenyewe.